Msiibane njia: maneno ya mpangamiji kwa wakazi kuhusu soko la mtaa

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa sokoni na vijana wa mikokoteni, habari za kazi.

Ramani ninayo hapa, lakini siifungui kwanza. Kuna neno nimelisikia katika kila soko dogo nililofanyia kazi hapa Mbeya, na leo nimelisikia tena kabla hata sijakaa: “Mtaalamu, njia umeziacha pana mno, hapo si vingeingia vizimba vingine thelathini?” Dhana yenyewe ni kwamba njia ni eneo lililopotea, na soko lenye vizimba vingi ndilo linalolisha watu wengi. Nitaanza na hiyo, na nitachukua muda wenu, kwa sababu imeshaharibu masoko mengi kuliko mvua.

Tuchukue eneo letu la vizimba lenyewe. Lina upana wa mita 26 na urefu wa mita 30. Leo vizimba vya mita mbili kwa mbili vimepangwa mgongo kwa mgongo, na kati yake kuna njia za sentimita 120. Hesabu inatoa mistari kumi ya vizimba 15, jumla 150. Kwenye karatasi inapendeza kweli.

Sasa twende chini. Hakuna muuzaji anayekaa ndani ya kizimba chake akatulia. Mwenye viazi anaweka gunia lililofunguliwa mbele ya meza, mwenye maharage anatanguliza ndoo na sado, na mwenye mitumba ananing'iniza fimbo ya nguo nje ya paa. Kila upande ukisogea sentimita 40 tu, ile njia ya 120 imebaki na 40, na hapo mtu mzima anapita kiubavu. Mama aliyembeba mtoto mgongoni na kapu mkononi akikutana na kijana mwenye gunia la viazi kichwani, mmoja arudi kinyumenyume. Akirudi mara mbili, mara ya tatu haingii. Ananunua pale nje barabarani, kwa yule aliyetandika turubai chini.

Ndiyo maana tulipopita juzi na kamati ya soko, vizimba vya mistari ya katikati tulivikuta vimegeuzwa stoo ya maboksi na vigoda. Wenyewe wako wapi? Wako nje, kando ya barabara, wanakimbizana na mgambo. Halafu tunaitwa kikao tunaambiwa wafanyabiashara ni wakaidi! Mtu ana kizimba anakilipia, na bado anakaa juani. Huyo si mkaidi, anamfuata mteja. Ukitaka kujua kama njia za soko zimekufa, usiulize mtu, angalia vizimba vya katikati vimewekwa nini.

Mpango mpya unafanya hivi. Njia inakuwa mita mbili na nusu. Bidhaa zikitoka sentimita 40 kila upande, maana najua zitatoka, inabaki mita moja na sentimita 70: wawili wanapishana bila kugusana, na wa tatu anaweza kusimama akapunguziwa bei ya nyanya. Halafu karibu na katikati tunakata njia kuu ya mita nne, kutoka upande wa kituo cha bajaji hadi upande wa makazi. Watu tayari wanataka kupita hapo wakirudi nyumbani, leo wanazunguka nje kwa sababu ndani hakuna pa kutokea. Mteja haingii mahali asipoona atatokea wapi.

Mistari itakuwa minane badala ya kumi. Tukiacha vizimba vyote vya mita mbili tutapata 104. Lakini muuza mchicha na nyanya hahitaji mita mbili za mbele, mita moja na nusu inamtosha. Nusu ya mistari tukiifanya hivyo, tunafika 120. Ndiyo, ni pungufu ya 150 kwa vizimba 30, sikatai. Ila kwenye ile 150, vya katikati havijauza kitu muda mrefu. Na kuna hesabu ambayo hamkuipiga: kona. Leo vizimba vya mwisho wa mstari, vinavyoonekana pande mbili, ni 20. Njia kuu ikikata mistari, vinakuwa 32. Mwenye kona anajua ninachosema, ndiyo maana hakiuzi kizimba chake.

Nina ombi langu binafsi ambalo wenzangu ofisini wamechoka kulisikia: sakafu ya vizimba inyanyuliwe sentimita 15 kutoka kwenye njia. Ule ukingo ndio mpaka. Mstari wa rangi unafutika mwezi wa pili, ila gunia likishuka kwenye ngazi kila mtu anaona limeshuka, na jirani yako atakusema kabla ya mgambo.

Na moto. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na la Sido mwaka 2017. Mnaokumbuka hamhitaji nieleze. Meza za mbao, mabati yaliyolaliana na turubai kati yake hupitisha moto toka kizimba hadi kizimba, na gari la zimamoto likifika linasimama nje kama halina pa kuingilia. Zile mita nne za njia kuu ni zake pia. Kwa hiyo hakuna kuezeka juu yake kwa turubai, wala kuegesha mikokoteni usiku.

Mengine nayapitia haraka.

Eti soko la kisasa ni ghorofa. Gunia la viazi la kutoka Umalila nani atalipandisha ngazi, na nani atapanda kufuata fungu la mchicha? Juu wekeni mafundi cherehani na saluni kama mnapenda. Chakula kibaki chini.

Eti wauza ndizi wakikaa pamoja wanauana biashara. Mteja hupenda kwenda pale anapoweza kulinganisha, na mwenye ndizi za Tukuyu peke yake kwenye kona ya mitumba hapitiwi na anayetafuta ndizi. Wenye samaki na kuku ndio lazima wakae pamoja, karibu na bomba na mfereji.

Eti zege likimwagwa tope litaisha. Zege lisilo na mteremko ni bwawa. Nahitaji angalau sentimita mbili za kushuka kwa kila mita moja, na mfereji wa wazi, wa kina kifupi, unaofagiliwa kwa ufagio. Mifereji ya kufunikwa inajaa maganda ya mahindi, na hakuna anayejua mpaka mvua za Januari zifurike ndani.

La mwisho ni lile mnalonong'ona: “Wakibomoa, vizimba watagawana wao.” Mimi sigawi vizimba, nachora tu. Lakini hofu hiyo haikutoka hewani, kwa hiyo fanyeni hivi kabla nyundo haijagusa kitu: kila kizimba kipigwe namba ya rangi, mwenye kukitumia apigwe picha akiwa amesimama mbele yake, na orodha isainiwe na kamati, mwenyekiti na mtendaji. Nakala moja ibandikwe ofisi ya mtaa. Anayeuza na aliyempangisha waandikwe wote wawili, maana ugomvi mkubwa huanzia hapo.

Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya wateja kujaa, nakuja na kamba na chokaa. Tutachora njia mbili pale uwanjani kwa ukubwa wake halisi, moja ya sentimita 120 na moja ya mita mbili na nusu. Njooni na meza zenu, magunia na mkokoteni mmoja. Anayesema njia ni pana mno atausukuma yeye.