Kuficha jina si kumficha mtu

Huyu sasa ni mteja wa tatu mwezi huu kuniambia, "Lakini kaka, mbona jina lake sijaliandika?" Ana duka la kahawa hapa Moshi. Alitaka nimtengenezee kwa akili mnemba video ya sekunde 8, bibi wa Marangu akichuma kahawa, akanitumia picha ya bibi fulani aliyoikuta mtandaoni niiweke iwe fremu ya kwanza. Ni kweli jina halikuwepo. Lakini uso ulikuwepo, na mashine ukishaipa uso, jina la nini tena?

Picha nikaikataa. Akaja na maneno: bibi mwembamba, kovu juu ya jicho la kushoto, pengo la meno ya mbele, kilemba cha njano. Jamani! Wenye kilemba cha njano ni wengi, wenye pengo ni wengi, ila ukivifunga vyote pamoja anabaki mtu mmoja, na majirani watamtaja kabla sekunde 8 hazijaisha.

Nikaanza upya kwa kueleza kazi yenyewe: mikono inachuma kahawa zilizoiva na kuacha za kijani, kikapu, kivuli cha migomba, mwanga wa asubuhi. Kwa uzembe wangu nikabakiza pengo na kilemba. Nikawaonyesha watu watatu wa huko, kila mmoja peke yake, nikauliza tu, "Huyu unamjua?" Wawili wakataja jina lilelile. Nikafuta, nikatoa pengo na kilemba, kamera nikaihamishia nyuma ya bega. Mara hii hakuna aliyemtambua.

Kipimo hicho ni dhaifu, nakiri. Mashine imefunzwa kwa nyuso za watu halisi, inaweza kunitolea mama wa Mbeya ambaye sisi wanne hatujawahi kumwona. Dawa yake sina.

Halafu lebo. YouTube na TikTok wanakutaka useme kama video inayoonekana halisi ni ya kutengenezwa. Weka tiki, yameisha. Tatizo ni kwamba video za huku zinatembea WhatsApp. Mtu akiipakua na kuisambaza, maelezo ya posti yanabaki nyuma, na hata taarifa za C2PA, zile za kueleza video ilivyotengenezwa, zilizo ndani ya faili kwa kawaida hupotea video inapobanwa upya. Kwa hiyo maandishi nayachoma kwenye picha yenyewe, fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Wala siweki pembeni: video ya kulala ya 16:9 ikikatwa katikati kuwa ya kusimama ya 9:16, hubaki chini ya theluthi ya upana wake, na lebo ya kona imekwenda. Naiweka chini, katikati, kwa mistari mifupi.

Mteja alipendekeza tuandike "Kwa hisani ya teknolojia". Nikaandika "Imetengenezwa kwa akili mnemba. Hakuna aliyerekodiwa." Akaomba herufi zipungue. Nikazipunguza kidogo, nikamtumia kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Akazisoma bila shida, zikabaki hivyo.