Kolesteroli sawa, trigliseridi 11,6: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa karatasi ya maabara mjini Bukavu, iliyoandikwa kwa gramu kwa lita: kolesteroli 1,90, na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, 11,6. Mwenyewe ni papa wa Kadutu, miaka 44, ana ugonjwa wa sukari usiotulia, na jioni hupenda bia. Ameona kolesteroli iko sawa, akafurahi.

Dhana: Kolesteroli ikiwa sawa, mafuta ya damu yote yako sawa.

Hapana. Zikipita 10, trigliseridi nyingi huwa ndani ya kilomikroni, vifurushi vikubwa vya mafuta vinavyotoka kwenye utumbo vikiwa na kolesteroli kidogo tu. Kwa hiyo kipimo kimoja hutulia huku kingine kikiruka. Damu hiyo ikitulia kwenye kichupa, maji yake huonekana meupe kama maziwa.

Dhana: Hatari yake ni ya moyo, tena ya baadaye.

Kwa kiwango hiki, cha kuogopa kwanza ni kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Kawaida ni chini ya 1,5. Kuanzia 5 daktari huanza kulifikiria kongosho, na kuanzia 10 hatari ni ya wazi: karibu mtu 1 kati ya 20 hupata uvimbe mkali wa kongosho. Ikipita 20 hatari huzidi. (Karatasi ikiwa kwa milimoli, 5 na 10 hizo ni 5,6 na 11,3.) Kimeng'enya cha kongosho huvunja mafuta hayo palepale, na asidi zinazotoka humo huunguza seli na mishipa midogo. Wapo wanaokaa na 15 bila maumivu yoyote, mpaka sukari ipande au pombe izidi.

Dhana: Mawese hayana kolesteroli, basi hayana neno.

Ni kweli hayana kolesteroli. Lakini kilomikroni hutengenezwa na mafuta yoyote ya chakula, ya mmea au ya mnyama. Sombe iliyojaa mawese na sambaza za kukaanga zinaongeza mzigo uleule. Papa huyu apunguze mafuta yote kwa ukali, aache bia kabisa, na sukari itibiwe mara moja. Asipokula mafuta, kiwango huweza kushuka sana ndani ya siku chache.

Dhana: Vidonge vya kolesteroli vitatosha.

Statini, yaani vidonge hivyo, ikipunguza hata robo, 11,6 inabaki karibu 8,7, bado juu ya 5. Daktari huongeza fenofibrati, dawa ya kushusha trigliseridi, akishapima figo, na hutafuta chanzo: tezi ya shingo, dawa anazotumia, wakati mwingine urithi.

Akipata maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, aende hospitali saa hiyohiyo na karatasi yake. Aombe apimwe lipasi, kimeng'enya cha kongosho, kwa sababu damu yenye mafuta mengi huweza kufanya amilasi, kimeng'enya kingine cha kongosho, isomeke kuwa ya kawaida wakati kongosho linaungua.