Feni zipo, vumbi bado linaingia: habari ya presha ndani ya kasha

Kompyuta nyingi za mezani ninazofungua hapa Dar zina tatizo moja: hewa inayotolewa nje ni nyingi kuliko inayoingizwa. Feni ya nyuma inavuta kwa nguvu, ya mbele imechoka au haipo kabisa. Sasa hewa inayopungua lazima ipatikane mahali, kwa hiyo inapenya popote penye uwazi: kwenye maungio ya kasha, kwenye matundu ya USB, kwenye nafasi za kadi pale nyuma. Huko kote hakuna chujio, na vumbi linaingia nayo.

Ukigeuza hesabu, feni za mbele zikaingiza hewa iliyochujwa nyingi kuliko inayotolewa, ile ya ziada inatafuta njia ya kutoka kupitia nyufa hizohizo. Vumbi linabaki na mlango mmoja tu, nao una chujio. Hiyo ndiyo presha chanya.

Mama mmoja mwenye duka la stesheneri Manzese, kando ya barabara ya vumbi, aliniita akisema, "Fundi, ikifika saa nane mchana mashine inakuwa nzito, halafu inazima. Na chujio nimeshaweka!" Kweli alikuwa ameweka: sponji nene mbele ya feni ya mbele. Feni ilikuwa moja tu, ya milimita 120. Nyuma kulikuwa na nyingine ya ukubwa uleule. Juu kulikuwa na pawa saplai ya mtindo wa zamani, ile inayovuta hewa kutoka ndani ya kasha na kuitupa nje, ambayo watu husahau kuihesabu. Kwa hiyo mbili zilikuwa zinatoa na moja inaingiza, tena hiyo moja imezibwa pumzi. Sponji ilikuwa imezidisha ubaya, maana kila hewa iliyokataliwa mbele ilivutwa kupitia nyufa za nyuma.

Ushahidi ulikuwa wazi kabla sijapima chochote. Ndani, kwenye kingo za nafasi za kadi, vumbi lilikuwa limechora mistari ya kijivu kuelekea ndani. Ukiona mistari hiyo kwako, jua hewa inaingilia hapo.

Kipimo chenyewe ni kijiti cha udi. Funika kasha, washa mashine, zima pangaboi na funga dirisha, kisha sogeza moshi taratibu kwenye nyufa za nyuma, mbali na feni. Moshi ukivutwa ndani, presha ni hasi. Ukisukumwa nje, ni chanya. Kwa yule mama moshi ulinyonywa kama soda kwenye mrija.

Nilitoa sponji nikaweka wavu laini wa nailoni, nikaongeza feni ya pili mbele. Kisha nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine: za mbele zizunguke mara 1,200 kwa dakika, ya nyuma isizidi 600. Kuiwekea ya nyuma kikomo ni muhimu, kwa sababu ikiachwa ijiongoze yenyewe, prosesa ikipata moto feni hiyo itaongeza kasi na presha itageuka hasi wakati wa kazi nzito. Lakini usiizime kabisa, kwani joto la kadi ya grafiki litakosa pa kutokea. Nilirudia udi, na safari hii moshi ulisukumwa nje.

Chumba kilikuwa na nyuzijoto 33. Kabla ya kazi hiyo, prosesa ilikuwa inakaribia 100 mama akihariri video za harusi. Baadaye ilitulia kwenye 76. Niseme ukweli, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kusafisha mapezi ya alumini juu ya prosesa na kubadilisha pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na mapezi hayo. Kazi ya presha chanya ni kuchelewesha mapezi hayo yasizibe tena. Na hapa Pwani kuchelewesha huko kuna faida yake, maana unyevunyevu hulifanya vumbi ligande, likikaa sana hata blowa hailing'oi.

Wavu hauzuii kila kitu. Nyuzi za nguo, nywele na vumbi la kawaida vinakwama, ila vumbi laini kama unga linapita kiasi. Nao ukijaa, feni za mbele zinakosa hewa na presha inarudi kuwa hasi kimyakimya, bila alama yoyote kwenye skrini. Kwenye mtaa kama ule, wakati wa kiangazi, nauosha kila wiki kwa maji na sabuni kidogo, na siurudishi mpaka ukauke kabisa. Nyumba yenye vigae na dirisha lenye wavu inaweza kwenda mwezi. Ukiwa na shaka, washa udi.

Kuhusu joto lenyewe, hakuna mpangilio wa feni utakaoishusha prosesa chini ya joto la chumba. Yule mama nilimwambia pia ainue kasha kutoka sakafuni, alitenge na ukuta, na akate karatasi mbali nalo.