Speke Mwanza, 1858: dhana zinazoharibu filamu za shule

Tarehe 3 Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, akitokea Kazeh (Tabora ya leo), alipanda kilima karibu na Mwanza akaliona Ziwa Viktoria limetanda mbele yake. Kwa shule za Mwanza ni tukio rahisi kuigiza, kwani halina vita wala jumba la mfalme. Kuna msafara, kilima na maji tu. Kinachoiharibu filamu mara nyingi ni mambo ambayo watengenezaji wameyaamini kabla hata hawajawasha kamera.

Dhana: Msafara unahitaji wanafunzi hamsini.

Sita wanatosha. Weka simu chini, usawa wa magoti, upige miguu ikipita. Kisha wapitishe watu walewale mara ya pili kutoka upande uleule, wakiwa wamebadilishana mizigo. Upana wa msafara utajengwa na msimulizi.

Shida huwa kwenye mizigo. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, na boksi tupu kichwani hujionyesha mara moja: shingo inachezacheza na hatua ni za haraka mno. Tia kilo 5 za mchanga ndani ya gunia la katani, nafasi iliyobaki ijazwe nyasi kavu, ufunge kwa kamba ya mkonge. Uzito huo mdogo unatosha kubadilisha mwendo. Mifuko ya salfeti na kamba za nailoni zibaki nyumbani.

Dhana: Watu wa zamani walivaa ngozi na majani.

Ngozi zilivaliwa, lakini msafara wa biashara ulitembea na vitambaa, maana ndivyo vilivyokuwa fedha ya njiani. Viwili vilijulikana kote: amerikani, pamba nyeupe isiyopaushwa, na kaniki ya buluu iliyokoza. Kitenge hakimo. Kanga nazo zilienea pwani baadaye, miongo ya mwisho ya karne hiyo.

Kwa kila mwigizaji tafuta mita 2 za amerikani, au shuka kuukuu la pamba. Weupe wa shuka hung'aa mno kwenye kamera, kwa hiyo lipake chai. Chemsha gramu 100 za majani ya chai katika lita 5 za maji kwa dakika 15, chuja, tia kijiko kikubwa cha chumvi. Lowesha kwanza shuka kwa maji safi, kisha litumbukize kwa saa moja ukiligeuzageuza. Usipoligeuza litatoka na mabaka. Likikataa kushika rangi, huenda si pamba. Mwalimu achome uzi mmoja: wa pamba huacha majivu laini yenye harufu ya karatasi, wa poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu.

Dhana: Bila mazungumzo, maigizo yanapooza.

Hapa ndipo filamu nyingi hudanganya bila kujua. Speke na Sidi Mubarak Bombay, aliyemwongoza na kumtafsiria, walizungumza Kihindustani. Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akaishi India, ndiye aliyegeuza maneno kwenda Kiswahili. Mwanafunzi anayemwigiza Speke akimwambia Bombay kwa Kiingereza "tazama, ziwa!" tayari ametunga. Waacheni waigizaji watende kimya: mmoja anyooshe mkono, mwingine aandike kwenye daftari. Maneno yawe ya msimulizi.

Rekodi masimulizi kwanza, ndipo mkate picha kuyafuata. Kwa mwendo wa maneno 100 kwa dakika, sentensi ya maneno 17 huchukua sekunde 10, nayo inadai picha mbili au tatu. Zima feni, weka simu kwenye hali ya ndege, shika umbali wa sentimita 20 pembeni ya mdomo, ndani ya chumba chenye mapazia na magodoro. Sauti ya kilimani msiitegemee, upepo wa ziwa huimeza.

Dhana: Ziwa ni lilelile, popote panafaa.

Agosti ni kiangazi, nyasi zimekauka. Picha ya Aprili yenye majani mabichi inapingana na tarehe mnayoitaja. Gugumaji nalo lilionekana ziwani karne ya 20 ikielekea mwisho, kwa hiyo chagueni ufukwe usio nalo, na mgeuze kamera mbali na minara ya simu.

Dhana: Siku ile Speke aligundua chanzo cha Mto Nili.

Aliamini hivyo, lakini hakuwa na uthibitisho, na mwenzake wa safari Richard Burton, aliyebaki Kazeh, alimpinga. Speke alifika pale Nili unapotoka ziwani tarehe 28 Julai 1862, katika safari nyingine. Neno "aligundua" halifai hata kwa ziwa lenyewe: wavuvi walikuwa wakilivua, na wafanyabiashara Waarabu walikuwa wamelisimulia huko Kazeh kabla Speke hajaondoka. Msimulizi aseme "aliliona", kisha ataje waliomwelekeza. Na kwenye kona ya picha ya kwanza ya maigizo liandikwe neno MAIGIZO, likae angalau sekunde 4, mtazamaji asije akadhani ni picha ya 1858.