Sekunde mbili kwenye simu ni nyingi mno

Wiki iliyopita nimeusikia tena ule ushauri wa kusubiri sekunde mbili kabla ya kujibu, safari hii kwenye semina ya wahudumu wa simu wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Mkufunzi anawaambia vijana mteja akimaliza kuongea wahesabu moja, mbili kimoyomoyo, ndo wajibu, eti hapo mteja anajua amesikilizwa na hakuna kukatizana. Vijana wanaandika. Mimi kazi yangu ni kukaa na mazungumzo yaliyorekodiwa, kuyanakili neno kwa neno mpaka pumzi na vimya, na ushauri huu nimeshaukuta sehemu nyingi mno, kwahiyo leo naandika.

Kwanza, watu hawasubiri hivyo. Mwaka 2009 mtafiti wa mazungumzo Tanya Stivers na wenzake walipima majibu ya maswali ya ndiyo/hapana kwenye lugha kumi za mabara tofauti, wastani ukatoka kama sekunde 0.2 kutoka swali kuisha mpaka jibu kuanza. Wajapani walikuwa karibu na sifuri, Wadenmark walikaribia nusu sekunde na hao ndo walikuwa wa mwisho. Sasa ukimwonyesha mtu picha ya mbuzi ukamwambia aitaje, inamchukua kama sekunde 0.6 mpaka aanze kutamka. Maana yake anayejibu kwa 0.2 alishaanza kuliandaa jibu wakati mwenzie bado anaongea, na hiyo ndo njia yenyewe ya kusikiliza: anapima sentensi inaelekea wapi na itaishia wapi. Kiswahili kinamrahisishia sana, ukishasikia "hujamlipa" una nani, lini, ukanushi na anayedai, vyote kwenye neno moja.

Na hapa ndo penye kuniudhi zaidi. Chukua "Umeshamlipa fundi, mama?" Mama anaanza kusema "bado" pale pale kwenye "mama", sauti zinapandana, halafu mtu anakuja na fomu yake ya tathmini anaandika mama kamkatiza mwenzie. Hajamkatiza! Swali lilikamilika kwenye "fundi". Watafiti wa mazungumzo Sacks, Schegloff na Jefferson walishalieleza mwaka 1974, kwamba zamu ya kuongea inabadilika pale sentensi inapoweza kuwa imekamilika, siyo pale mdomo unapofungwa, na kupandana kwingi ni kufupi na kunatokea hapo hapo, kwa sababu mwongeaji anaongeza kijineno baada ya sehemu ya kumalizia: mama, kaka, bwana, au siyo, eeh. Lugha yetu imejaa vijineno hivyo, na vingi tunaviweka kwa heshima. Kwahiyo ile heshima ndo inasababisha kupandana, halafu tunaambiwa kupandana ni kukosa heshima. Kukatiza kweli kupo, mtu anaingia katikati ya "umeshamli-", na ukisikiliza rekodi huhitaji mashine kuona tofauti.

Haya, kimya chenyewe. Kimya kina mwenyewe. Ukipiga hodi pakawa kimya, kile ni kimya cha mwenye nyumba, siyo chako. Hodi inadai karibu, shikamoo inadai marahaba, swali linadai jibu, ndo hizo jozi, na sehemu ya kwanza ikishatoka kila sehemu ya sekunde inayopita inahesabiwa upande wa anayedaiwa. Tena inahesabiwa kwa mwelekeo mmoja: kukubali huja haraka, kukataa huja kwa kuchelewa, kwa "aah", kwa sababu ndefu. Kwahiyo kuchelewa tu kunatosha kusikika kama hapana inakuja.

Angalia kipande hiki, majirani wawili kwenye simu, wote wamenipa ruhusa, na namba kwenye mabano ni sekunde za kimya:

A: Jirani, kesho asubuhi unaweza kunikalia na mtoto?
(0.8)
A: Au kesho unatoka?
B: Eeh kesho natoka bwana, kuna msiba. Lakini jioni nipo.

Nani kakataa hapo? B hajatamka hapana popote. A kasikia sekunde 0.8 tu, haifiki hata moja, akarudi kulirekebisha swali lake mwenyewe. Na halirekebishi kwa maneno mepesi zaidi kama vile B hakuelewa, analigeuza, ili jibu ambalo kwanza lingekuwa "siwezi" sasa liwe "eeh". B anakubali, haraka, bila hata nukta ya kimya, na kwa kukubali huko ombi limekataliwa na hakuna aliyemvunjia mwenzie uso. Mtafiti mwingine wa mazungumzo, Anita Pomerantz, alieleza mwaka 1984 jinsi watu wanavyofuatilia jibu lisilokuja, na mimi kila nikirudia kipande hiki naona A ndiye aliyefanya kazi yote ya kukataliwa.

Sasa rudi kwa mhudumu wetu na sekunde zake mbili. Nilipewa rekodi za pale kazini, na baada ya semina zilijaa kitu kama hiki:

Mteja: Hela imekatwa lakini tokeni sijapata.
(2.1)
Mteja: Haloo?
Mhudumu: Ndiyo mama, nakusikiliza.
Mteja: Nasema hela imekatwa, tokeni sijapata.

Hiyo "haloo" ni urekebishaji. Mteja kaacha malalamiko yake, karudi chini kabisa kuhakikisha kama laini ipo, halafu kaanza upya na "nasema", ambayo tayari ina hasira ndani. Mhudumu alitaka kuonyesha anasikiliza, na kitu cha kwanza alicholazimika kufanya ni kumwambia mtu kwamba anasikiliza.

Ningekuwa mkufunzi ningewaambia wajibu ndani ya nusu sekunde kwa zamu fupi: "Pole mama, ngoja niangalie." Baada ya hapo kaa kimya hata sekunde kumi, mteja atatulia, kwa sababu kimya hicho kimeshatangazwa kazi yake. Na kama hukuelewa, usiseme "eeh?" ukiwa umekosa namba tu, sema "mita namba ngapi?" "Eeh?" inamrudishia mtu zamu nzima airudie, na mbaya zaidi ikija baada ya kimya inaweza kusikika kama hukubaliani na alichosema.

Nisivyo na uhakika navyo ni viwili. Cha kwanza ni umiliki wa kimya. Kwenye maandishi yangu nimeipa ile 0.8 mstari wake, haina mtu, ila nikisikiliza naisikia ni ya B, na kuna siku nadhani A alikuwa anavuta pumzi tu na "au kesho unatoka" ilikuwa mkia wa swali lile lile tangu mwanzo. Wanafunzi wangu wawili wananakili rekodi moja na wanagawanyika hapo hapo.

Cha pili kinanisumbua zaidi, mtandao. Rekodi ile ilitoka kwenye simu ya A. Sauti ikichelewa sekunde 0.3 kwenda na 0.3 kurudi, jibu alilotoa B kwa 0.2 linamfikia A kwa 0.8. B kwake hajachelewa hata kidogo, A kwake kashakataliwa. Pale B alikuwa kweli na msiba, kwahiyo nadhani kimya kilikuwa chake, lakini rekodi ya upande mmoja haiwezi kunithibitishia, na nikifungua mawimbi kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, nikapima mpaka milisekunde bado napima alichosikia A tu. Siku hizi simu yoyote ya intaneti naomba irekodiwe pande zote mbili, na mazungumzo ni yale yale, ila vimya vinatoka na namba tofauti.