Umefunga duka, lakini PIN yako haijui

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2026 alikuja kwangu mama mmoja wa hapa Nakuru, alikuwa na duka la fotokopi na steshenari, akafunga mwisho wa Machi 2025. Alirudisha funguo za landlodi, akauza mashine Aprili, akajua ameshamalizana na kila mtu. Kumbe kwa KRA duka bado lilikuwa wazi.

Shida ni hii: alisajiliwa VAT kwa PIN yake mwenyewe na hakuwahi kuomba huo wajibu ufutwe kwenye iTax. Mpaka ufutwe, ritani ya VAT inadaiwa kila tarehe 20, hata kama ni ya sufuri. Ritani za Aprili hadi Novemba ni nane, na penalti ya kuchelewa ni 10,000 kila moja (au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa), kwa hivyo tayari 80,000 kwa duka ambalo halipo! Iliniuma sana, kwa sababu ni pesa ya kulipia ukimya tu.

Sasa njoo kwa mashine. Alizinunua Januari 2022 kwa 800,000 bila VAT, na VAT ya kununulia alishaidai. Kompyuta na mashine za fotokopi hukatwa asilimia 25 ya bei kila mwaka, kwa hivyo 2022, 2023 na 2024 alishakata 600,000, thamani iliyobaki kwa vitabu ni 200,000. Aliziuza 348,000 na hakutaja VAT kwa mnunuzi. Basi VAT iko ndani ya hiyo bei: 48,000 ni ya serikali, yake ni 300,000. Na ile 100,000 iliyozidi thamani ya vitabu ni mapato ya biashara, inaingia kwa ritani ya mapato ya 2025 pamoja na faida ya ile miezi mitatu. Angeuza kwa chini ya 200,000, tofauti ingekuwa hasara ya kupunguza kodi. Kodi ya mapato ilipwe kufikia 30 Aprili, ritani ifike 30 Juni, watu wengi hushika hiyo ya Juni tu na kusahau ya Aprili.

Ile 48,000 ambayo haikulipwa ina penalti yake ya asilimia 5, yaani 2,400, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, shilingi 480. Riba haiwezi kupita deni lenyewe. Na kwa vile duka lilikuwa jina la biashara tu, si kampuni, deni ni lake binafsi, linamfuata kwa PIN hata akiajiriwa kesho.

Tulianza na ritani zote zilizobaki, ya Aprili ikiwa na mauzo ya mashine, na karatasi zilizobaki stoo ambazo alidai VAT yake tukazihesabu pia, kisha tukaomba kulipa kidogo kidogo (riba inaendelea lakini), ndipo tukapeleka ombi la kufuta wajibu wa VAT. Ukianza na ombi kabla ya ritani, afisa atakurudisha tu. PIN yenyewe usiiguse, ni yako ya maisha, na ritani ya mapato ya kila mwaka bado utafaili.