Anayechagua volti ni laptopu

"Laptopu yangu ni ya wati 45. Chaja ya wati 100 si itaiunguza?"

Haitaiunguza. Chaja ya USB-C huanza na volti 5 tu, kisha huitajia laptopu volti ilizonazo, mathalani 5, 9, 15 na 20. Laptopu huomba mojawapo, chaja ikikubali ndipo volti hupanda.

Kinachosahaulika ni waya. Usio na chipu ya kujitambulisha huruhusiwa ampea 3. Kwa volti 20 hizo ni wati 60, hata chaja iandikwe 100.

Ukinunua Makoroboi, Mwanza, omba kipimio kidogo cha USB-C. Kikionyesha 20V kabla hujachomeka laptopu, chaja hiyo haiulizi kitu, iache hapohapo. Kikibaki 5V baada ya kuchomeka, hawajaelewana: badilisha waya kwanza.